Yuro elfu moja zilizofika Jambiani pungufu: pesa ilikatwa wapi?

Mama mdogo wangu ana nyumba ya wageni Jambiani, vyumba vitatu vinavyoangalia mwani ukianikwa. Mwezi wa tisa mwaka 2025 wakala mmoja wa safari wa Ujerumani alimtumia yuro 1,000, malipo ya wageni waliokaa kwake Agosti. Siku ile alitazama bei ya yuro kwenye simu, akazidisha, akapata shilingi 2,875,000. Akaipangia kabisa: fundi wa paa, deni la dukani, ada ya mtoto. Siku ya nne pesa ikaingia benki. Ilikuwa 2,687,650.

Akanipigia simu. "Mwanangu, laki moja na elfu themanini na saba zimeliwa. Nani kazila?"

Alinipigia mimi kwa sababu nilikaa kaunta ya benki mjini miaka tisa, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko swali lolote jingine. Nakiri kwamba jibu tulilokuwa tukilitoa, "ni makato ya benki, bibi", lilikuwa jibu la kumfungisha mtu mdomo. Halikuwa uongo, ila halikumwonesha chochote. Pesa ile ilikatwa mahali pane tofauti, kwa njia mbili tofauti, na karatasi aliyopewa mama mdogo ilimtajia mahali pamoja tu. Nataka kuyapitia yote manne. Namba nimezizungusha kidogo ili hesabu ifuatike bila kikokotoo.

Kwanza hiyo bei aliyoiona kwenye simu. Aliyewahi kusimama mbele ya duka la kubadilishia fedha pale Mji Mkongwe ameuona ubao wenye safu mbili: wananunua dola kwa hivi, wanauza kwa vile. Ukiwapa dola wanakulipa bei ya chini, ukitaka dola wanakutoza bei ya juu, na pengo lililo katikati ndilo tumbo la duka. Anayefanya kazi na watalii anajua zaidi ya hapo. Anajua kuwa noti ya dola 100 ina bei yake na noti ndogo za dola 5 na 10 zina bei ya chini zaidi, hata kama zimetoka pochi moja. Bei ya kwenye simu haimo katika ubao ule hata kidogo. Ile ni bei ya kati, nusu ya njia baina ya kununua na kuuza, bei ambayo mabenki makubwa yanauziana yenyewe kwa yenyewe kwa mamilioni. Ni kipimo kizuri, lakini hakuna mtu Jambiani atakayeuziwa kwa bei hiyo, wala mjini.

Wazee wetu waliwahi kuona badiliko la fedha lenye bei moja tu. Mwaka 1936 rupia ya Zanzibar ilipoondolewa, kila rupia ilibadilishwa kwa shilingi 1 na senti 50, iwe unatoa moja au elfu. Wengi wetu bado tunaifikiria fedha ya kigeni kwa namna hiyo, kwamba ina bei yake na bei ni moja. Mama mdogo alifikiri hivyo, na simu yake ikamtia nguvu.

Sasa njia. Watu husema pesa "imesafiri" kutoka Ujerumani, na neno hilo ndilo linaloficha mambo, kwa sababu kilichosafiri ni ujumbe. Benki ya yule wakala, benki ndogo ya mji wao, haina akaunti katika benki ya mama mdogo, na benki ya mama mdogo haina akaunti kwao. Hazijuani. Ili zilipane, lazima ziwe na mtu wa kati wanayemjua wote, na kwa dola mtu huyo mara nyingi ni benki kubwa ya New York. Benki ya Zanzibar imeweka dola zake huko. Ujerumani wanapotuma, New York inapunguza upande mmoja wa daftari lake na kuongeza upande wa pili, kisha inapeleka habari huku: mteja wenu ameingiziwa kiasi fulani. Hiyo ndiyo benki ya njiani. Haikuchaguliwa na mama mdogo wala na wakala, na haina mkataba na yeyote kati yao.

Kwa nini dola, wakati mlipaji ana yuro na mpokeaji anataka shilingi? Hapa ndipo nilipokuna kichwa, mpaka nikaomba kuiona ile karatasi ya maelekezo aliyompelekea wakala. Karani wake wa benki alikuwa amemchapishia maelekezo ya kupokea dola, kwa kuwa ndiyo wanayompa kila mtu. Wakala akayafuata neno kwa neno. Benki yake ikaona pesa inatakiwa iwe dola, ikazigeuza yuro kuwa dola kabla ya kutuma. Kisha benki ya huku ikazigeuza dola kuwa shilingi, kwa sababu akaunti ya mama mdogo ni ya shilingi. Pesa moja ikapita madirishani mara mbili, na kila dirisha lina ubao wake wenye safu mbili.

Tufuate hesabu. Bei ya kati siku ile: yuro 1 kwa dola 1.15, na dola 1 kwa shilingi 2,500. Kwa hivyo yuro 1 ni shilingi 2,875, na hapo ndipo alipoipata ile 2,875,000.

Dirisha la kwanza ni Ujerumani. Benki ya wakala haikutoa dola 1.15 kwa kila yuro, ilitoa 1.127, pungufu kama asilimia 2. Yuro 1,000 zikawa dola 1,127 badala ya 1,150. Dola 23 zimebaki kule, sawa na shilingi 57,500, na hakuna karatasi iliyoziita ada.

Njiani, New York ikakata dola 20 za kazi yake. Zikabaki 1,107. Kwa bei ya kati dola hizo 20 ni shilingi 50,000.

Dirisha la pili ni huku kwetu. Benki ya mama mdogo ilizinunua dola zake kwa shilingi 2,450, siyo 2,500. Dola 1,107 mara 2,450 ni 2,712,150. Tofauti ya shilingi 50 kwa kila dola, ukiijumlisha, ni shilingi 55,350.

Mwisho ikaja ada ya kupokea hawala kutoka nje, shilingi 24,500. Hiyo ndiyo peke yake iliyoandikwa kwenye taarifa ya akaunti kwa jina lake. Ukitoa hiyo unabaki na 2,687,650, na jumla ya yote manne ni 187,350. Haikupotea hata senti.

Mama mdogo aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo bado nalikumbuka: "Basi mimi nilikuwa nagombana na yule mdogo wao." Kweli. Alikwenda benki kuigombania ile 24,500 aliyoiona, ilhali tofauti za bei kwenye madirisha mawili, ambazo hakuziona, zilimchukulia 112,850.

Makato haya mawili, ada na pengo la bei, yana tabia zisizofanana, na ukizijua utajua la kukazia. Ada haijali ukubwa wa pesa. Dola 20 na shilingi 24,500 zitakatwa iwe umetumiwa yuro mia au elfu kumi. Pengo la bei linakua pamoja na pesa. Wakala angetuma yuro 100 kwa njia ileile, zingefika shilingi 202,615 badala ya 287,500. Karibu theluthi nzima imekwenda, na sehemu kubwa ya hiyo ni ada. Angetuma yuro 10,000, zingepungua shilingi 1,212,000, ambayo ni kama asilimia 4 tu, lakini humo ada ni 74,500 na zilizobaki, zaidi ya milioni moja na laki moja, zote ni pengo la bei. Kwa hiyo anayepokea vijisehemu vidogo kila wiki hana haja ya kusumbukia bei: azikusanye zitumwe pamoja. Anayepokea kiasi kikubwa ndiye anayepaswa kuipigania bei, na ada za dola ishirini azisamehe.

Nilijuaje yote haya bila kukisia? Kila hawala ya namna hii ina ujumbe wake, na mteja anaweza kuomba nakala. Usiombe "risiti", utapewa taarifa ya akaunti. Omba nakala ya ujumbe wa SWIFT, mtandao ambao benki hutumiana maagizo ya malipo. Kwa miaka mingi ujumbe huo uliitwa MT103, na wa mama mdogo ulikuwa na mistari hii katikati:

```
:32A:250915USD1107,00
:33B:EUR1000,00
:36:1,127
:71A:SHA
:71F:USD20,00
```

Mkato hapo ndio nukta ya desimali. Mstari wa 33B ni kiasi alichoagiza mlipaji: yuro 1,000. Mstari wa 36 ni bei iliyotumika kule. Hapo ndipo dirisha la kwanza linapojifichua, maana ukiweka 1.127 karibu na bei ya kati ya siku ile unaliona pengo mara moja. Mstari wa 71F ni kilichokatwa njiani. Na 32A ni tarehe, yaani 15 Septemba 2025, pamoja na kiasi kilichobaki na kukabidhiwa benki ya huku. Zidisha 1,000 kwa 1.127, toa 20, unapata 1,107. Ikikubali hivyo, njia ya nje umeshaimaliza, na lolote lililopungua baada ya hapo limepungua Zanzibar.

Tangu Novemba 2025 benki zinatumiana ujumbe wa muundo mpya unaoitwa pacs.008, na majina yake ni ya herufi badala ya namba. Mambo yenyewe ni yaleyale: kiasi kilichoagizwa kinaitwa `InstdAmt`, kilichokabidhiwa `IntrBkSttlmAmt`, bei `XchgRate`, na makato `ChrgsInf`. Humo utakuta pia UETR, namba ya utambulisho yenye alama 36 isiyobadilika toka mwanzo wa safari hadi mwisho. Pesa ikichelewa au ikikatwa kinyume cha maagizo, namba hiyo ndiyo ya kumpa mlipaji aipeleke benki kwake. Bila hiyo mtarushiana mpira.

Kwa upande wa huku kipimo ni chepesi. Gawa shilingi zilizoingia, kabla ya ada, kwa dola zilizo kwenye 32A. Kwake: 2,712,150 kwa 1,107 ni 2,450. Hiyo ndiyo bei aliyonunuliwa, wamwambie wasimwambie. Kisha fungua tovuti ya Benki Kuu, bot.go.tz, utazame bei za siku hiyo: wanaweka ya kununulia, ya kuuzia na ya wastani. Angalia iwe ni siku pesa ilipogeuzwa, siyo siku ilipotumwa, kwani baina ya siku hizo bei inaweza kutikisika, na mtikisiko huo si kosa la benki yoyote. Fahamu pia kuwa bei ya Benki Kuu ni ya kuelekeza. Benki ya biashara haivunji sheria ikinunua chini ya hapo. Unayo haki ya kuulizia, na unayo haki ya kwenda kwingine.

Ule mstari wa 71A unastahili maneno yake, kwani ndio watu hutajiana kama dawa. Unasema nani anabeba ada. SHA maana yake kila upande unabeba za kwake: mlipaji analipa benki yake, na zinazokatwa njiani na huku zinamwangukia mpokeaji. BEN zote ni za mpokeaji. OUR zote ni za mlipaji. (Katika muundo mpya zinaitwa SHAR, CRED na DEBT.) Nimewasikia wenye nyumba za wageni wakishauriana, "mwambie atume kwa OUR, pesa itafika nzima." Itafika bila zile dola 20, hilo ni kweli, na mara nyingine hata ada ya kupokea inasamehewa. Lakini OUR haigusi bei. Dirisha la Ujerumani lingebaki na asilimia 2 zake, na la huku zake, kwa sababu benki haizihesabu kuwa ada. Kwa mama mdogo, OUR ingeokoa shilingi 49,000 za zile dola 20, kwa bei aliyonunuliwa, na kumwacha na pengo la bei la 113,850, kwani zile dola 20 nazo zingepita dirisha la huku. Wakala naye angelipa zaidi kule kwao, na mawakala wengi hawakubali.

Lakini kama mlikubaliana OUR na nakala inaonesha mstari wa 71F uliokata pesa, hapo mna dai la haki. Vitu hivyo viwili havikai katika ujumbe mmoja. Mlipaji adai benki kwake, na makato ya njiani yanaweza kurudishwa. Pengo la bei halirudi. Likishapita limepita, ndiyo maana kazi yote ya maana hufanywa kabla pesa haijatumwa.

Kazi tuliyoifanya kabla ya malipo yaliyofuata ilikuwa ndogo mno hata nikaona uchungu kwa ile miaka tisa. Tulikwenda benki tukaomba maelekezo ya kupokea yuro. Yalikuwepo. Benki yake ina akaunti ya yuro katika benki moja ya Ulaya, ila hakuna aliyewahi kumwambia, wala yeye kuuliza. Tukampelekea wakala, na kwake ilikuwa nafuu pia: benki yake haikugeuza chochote, alichagua yuro kwenye fomu basi. Safari hii zilikatwa yuro 15 njiani, zikafika 985. Dirisha likawa moja, la hapa, nalo likanunua yuro kwa shilingi 2,800. Nikiiacha bei ya kati palepale pa 2,875 ili tulinganishe, 985 mara 2,800 ni 2,758,000, ukitoa ada ya 24,500 inabaki 2,733,500. Ni shilingi 45,850 zaidi ya mara ya kwanza.

Mtaona hakuokoa pengo lote la dirisha la Ujerumani, shilingi 57,500. Sababu ni kwamba hapa kwetu dola ndiyo inayonunuliwa na kuuzwa kwa wingi, yuro kidogo, na fedha isiyo na mzunguko mkubwa benki huiwekea pengo pana zaidi. Dola walimpunguzia asilimia 2, yuro karibu 2.6. Ikitokea benki ya mlipaji kule inageuza kwa pengo dogo sana, tuseme robo ya asilimia moja, kupitia dola kunaweza kuwa sawa na kupitia yuro, hata kukazidi kidogo. Kwa hiyo sisemi yuro daima. Nasema uliza bei za madirisha yote mawili kabla hujachagua njia.

Hatua iliyozaa zaidi mama mdogo aliibuni mwenyewe. Alifungua akaunti ya yuro kando ya ile ya shilingi, ili pesa isigeuzwe siku ileile inapotua bila yeye kuulizwa. Akauliza kwanza gharama ya mwezi ya kuitunza, akaridhika nayo. Malipo yakajikusanya hadi yuro 3,000, ndipo akaenda kwa karani na swali moja: "Nina yuro elfu tatu za kuuza leo. Mnanunua kwa ngapi?" Karani akataja 2,800, bei ya ubao. Akamwomba awapigie wanaoshughulika na fedha za kigeni makao makuu. Bei ya ubao ni ya kila mtu, lakini wale wana ruhusa ya kupandisha kwa mwenye kiasi cha kueleweka. Wakarudi na 2,835. Kwa yuro 3,000, shilingi hizo 35 ni 105,000, na simu yenyewe haikuchukua dakika tano.

Jirani yake wa nyumba ya pili naye anapokea kwa njia ya simu, kupitia huduma inayojitangaza kutuma "bila ada". Alimwambia mama mdogo aache mambo ya benki. Huenda ana haki, zipo huduma kama hizo zenye bei nzuri kuliko benki zote mbili zikiwekwa pamoja. Lakini "bila ada" inajibu swali la ada tu. Hatukujadiliana naye kwa maneno. Mama mdogo alimwomba afungue simu, aandike yuro 1,000 upande wa kutuma, asome shilingi zilizojitokeza upande wa kupokea. Ilisoma 2,751,000. Akaitoa kwenye 2,875,000, akapata 124,000, akaiandika pembeni ya ile 141,500 iliyompungukia yeye kwa njia ya yuro. Jirani alikuwa amemshinda kwa 17,500. Kisha wakaandika yuro 3,000 na kusoma tena, safari hii wakailinganisha na bei ya 2,835, na daftari likabaki wazi juu ya meza huku wakibishana.